Bati linalojifanya kigae

Pita Goba, Madale, Chanika au Kibaha siku yoyote, inua macho juu ya nyumba mpya zinazopanda huko. Ukuta bado haujapigwa lipu, madirisha yamezibwa kwa mbao chakavu, lakini juu tayari limekaa bati la kahawia iliyokoza au la bluu nzito, limekunjwa kwa ustadi mpaka ukiliangalia kutoka barabarani utaapa kwamba ni vigae. Nyumba inapendeza. Sasa bisha hodi saa nane mchana ya mwezi wa Januari. Mwenye nyumba utamkuta nje, chini ya mwembe, na kiti chake.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni ili tusizungushane. Katika pwani yetu yenye joto na mvua nyingi, kigae cha udongo kilichochomwa vizuri ni paa bora kuliko bati. Hata hivyo, kwa familia nyingi zinazojenga polepole kwa tofali za saruji na mbao za bei ya kawaida, bati ndilo uamuzi sahihi, mradi liwe nene, liwe la rangi nyeupe au iliyofifia, na lipate dari chini yake. Kinachonikera ni hiki cha tatu kilichoingia katikati: bati jembamba, la rangi ya giza, lenye sura ya kigae. Mnunuzi analipia umbo la kigae na hapati hata sifa moja ya kigae. Fedha aliyoongeza kwa ajili ya umbo hilo ndiyo ingemnunulia dari.

Vigae vilivyovuka bahari

Wapo wanaosema vigae ni mambo ya Wazungu na ya mahoteli. Si kweli. Vigae vingi vyekundu unavyoviona bado juu ya majengo ya zamani ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ni vya mtindo wa Mangalore, mji wa pwani ya magharibi ya India wenye joto kama letu na mvua kubwa kuliko yetu. Mwaka 1865 wamisionari wa Basel walifungua huko kiwanda cha vigae, wakitumia udongo wa kando ya mito ya pale. Baada ya muda vigae vya Mangalore vikawa vinapakiwa melini kuja Afrika Mashariki, vikafuata njia ileile ya biashara iliyoleta nguo na viungo.

Kigae hicho ni bapa, kina mifereji na midomo ya kushikana na jirani yake wa kushoto, kulia, juu na chini. Kwa nyuma kina kijino kinachokamata papi, yaani ile mbao nyembamba inayolala juu ya kenchi. Hakipigwi msumari kila kimoja. Kinashikwa na uzito wake na wa wenzake. Kikipasuka kimoja, unakisukuma cha juu yake, unakitoa kibovu na kuingiza kizima. Ndiyo maana paa la namna hiyo huweza kumzika aliyelijenga na mwanawe, likaendelea kukinga mvua kwa mjukuu.

Kabla ya hayo yote, pwani tulikuwa na makuti. Paa la makuti linataka mwinuko mkali, kwa sababu lisipoinuka maji hukaa na makuti yakaoza upesi. Mwinuko ule uliacha nafasi kubwa juu ya vichwa vya watu, na makuti yenyewe yaliruhusu hewa ya moto kupenya na kwenda zake. Bati lilipokuja tuliona halihitaji mwinuko mkali, basi tukaliteremsha karibu na vichwa vyetu ili tupunguze mbao. Lawama tunayolitupia bati kwa joto, sehemu yake ni ya uamuzi huo.

Tani saba juu ya ukuta

Hebu tupige hesabu ya nyumba moja, maana maneno matupu hayapaui. Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, upana mita 10, urefu mita 12, paa la pande mbili, upenu umetokeza sentimita 60 kila upande. Kivuli cha paa hilo juu ya ardhi ni karibu mita za mraba 148.

Kigae cha udongo kinataka mwinuko wa nyuzi 30 au zaidi. Ukilala chini ya hapo, upepo wa masika utasukuma maji nyuma, yapite kwenye viungo na kudondokea ndani. Kwa mwinuko huo eneo la paa linakuwa mita za mraba 171 hivi. Kila mita ya mraba inakula vigae 15, kwa hiyo unahitaji karibu vigae 2,600, ukiongeza na vya kuvunjika njiani ni 2,700. Kigae kimoja kina uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu. Jumla yake ni tani saba hivi, na hapo bado ni vikavu. Mvua ikinyesha, udongo hunywa maji na uzito unapanda.

Bati linaridhika na nyuzi 15. Eneo linakuwa mita za mraba 153. Bati la unene wa milimita 0.3, pamoja na sehemu zinazopandana, lina uzito wa kilo tatu hivi kwa mita ya mraba. Paa zima halifiki hata nusu tani. Lori moja dogo linalileta, na vijana wanne wanalipandisha kabla ya chakula cha mchana.

Watu wakisikia tani saba huuliza kama ukuta utastahimili. Ukuta wa tofali uliojengwa wima na wenye lenta nzuri utastahimili bila taabu, kwa sababu uzito huo unagawanyika urefu wote wa kuta mbili. Kinachoshindwa ni mbao. Kwa bati, kenchi huweza kukaa mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo nyumba yetu inahitaji kenchi 11. Kwa vigae zinasogezwa mpaka sentimita 60, na hapo zinakuwa 21. Papi za bati hukaa karibu kila sentimita 90, za vigae kila sentimita 32. Ukizijumlisha, bati linataka papi zenye urefu wa mita 210 hivi, vigae vinakaribia mita 550. Kisha kwa sababu paa limeinuka zaidi, zile kuta za pembetatu za mbele na nyuma nazo zinapanda, na utajikuta umenunua tofali 150 hivi za ziada ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Fundi anayependa kazi atakwambia, "Mzee, kenchi hizihizi za bati zitabeba tu, nitaongeza msumari." Zitabeba, ndiyo, mwaka wa kwanza. Mbao mbichi ya msonobari iliyobebeshwa mzigo usio wake huanza kupinda taratibu. Simama mbali na nyumba, tazama kilele cha paa kutoka pembeni: kama mstari wa juu umelegea katikati, ujue papi nazo zimepinda, vigae vimefunguka midomo, na kila kiungo kilichofunguka ni mlango wa maji. Uvujaji wa paa la vigae mara nyingi hausababishwi na kigae kibovu. Husababishwa na mbao iliyonunuliwa kwa hesabu ya bati.

Kagera wana sababu yao ya ziada ya kuogopa uzito. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilitikisa kuta nyingi mpaka zikaanguka, na paa zito lisilofungwa vizuri juu ya ukuta wa tofali dhaifu ni hatari kwa waliolala chini yake. Wanaojenga kando ya Ziwa Viktoria, hata wakipenda vigae kiasi gani, waanze na lenta ya zege na nondo kabla hawajaulizia bei ya kigae.

Joto la saa nane

Sasa tuje kwenye jambo linalomtoa mtu ndani ya nyumba yake. Joto la bati linamfikiaje aliyekaa kitini? Wengi hudhani ni hewa ya ndani iliyopashwa moto. Hewa inachangia, ila adui mkubwa ni mnururisho: bati lililopigwa na jua la saa saba linaweza kufika nyuzi joto 60 na zaidi, na upande wake wa chini unamrushia joto moja kwa moja aliye chini yake, hata kama dirisha limefunguliwa na upepo wa bahari unaingia. Ndiyo maana kwenye nyumba isiyo na dari utosi ndio unaosikia joto kwanza, na feni huisaidia hewa izunguke tu bila kuuzuia mnururisho huo.

Kigae nacho kinapata moto, lakini kwa namna tofauti. Ni kinene, kinachelewa kupata joto. Kati ya kigae na kigae kuna upenyo mdogo, hewa ya moto inatoka kupitia humo mchana kutwa. Na mvua ya asubuhi ikikilowesha, maji yanayokauka mchana yanaondoka na sehemu ya joto. Mvua na jua vinapopokezana, kama ilivyo huku kwetu mwezi wa Aprili, hiyo ni zawadi kubwa. Lakini tusikipambe kupita kiasi. Usiku bati hupoa haraka sana jua likishazama, wakati vigae bado vinaachia joto la mchana. Anayerudi nyumbani saa mbili usiku na kuondoka alfajiri hapati faida kubwa ya kigae. Anayeipata ni bibi anayeshinda nyumbani, ni mtoto mchanga, ni fundi cherehani anayefanyia kazi sebuleni.

Rangi nayo ina kauli. Bati jeupe au la rangi ya maziwa hurudisha angani sehemu kubwa ya jua linalolipiga. La kahawia iliyokoza au jeusi humeza karibu lote. Hili halihitaji mtaalamu kulithibitisha: weka vipande viwili vya bati juani, kimoja cheupe na kimoja cheusi, rudi baada ya nusu saa uviguse. Na lile bati la kawaida lisilo na rangi, linalong'aa likiwa jipya? Likichakaa linapoteza mng'ao, linaingia kutu, linageuka kahawia. Nyumba ile ile inazidi kuwa ya moto kadiri miaka inavyopita, na wenyewe wanadhani ni hali ya hewa peke yake iliyobadilika.

Kwa hiyo linapokuja bati la giza lenye sura ya kigae, jiulize: lina unene wa kigae? Halina. Linapitisha hewa? Halipitishi. Linakunywa maji ya mvua na kuyatoa mchana? Hapana. Limebaki na rangi tu, na rangi yenyewe ndiyo inayoongeza joto. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na bati hili limetembezwa mjini kote kwa picha za kuvutia.

Kuna mabati yaliyomwagiwa chembechembe za mawe juu yake. Hayo yanapunguza kelele za mvua na ukali wa joto kwa kiasi fulani, nayo yana bei yake. Sina ugomvi nayo.

Dawa ya joto la bati inajulikana na haina siri. Weka dari, hata ya bodi ya kawaida, ili mnururisho ukutane nayo kabla haujakufikia. Acha nafasi kati ya dari na bati, na nafasi hiyo ipumue: matundu yenye wavu chini ya upenu hewa iingilie, na matundu mengine juu kwenye kuta za pembetatu hewa itokee. Dari iliyozibwa pande zote hukusanya hewa ya moto na kuishikilia mpaka usiku wa manane. Utajuaje kama matundu yanatosha? Panda ngazi saa nane mchana, weka kiganja kwenye dari. Ukiona unataka kukitoa upesi, hewa haitoki. Akiongeza mtu karatasi ya foili chini ya mabati, upande unaong'aa utazame chini kwenye hewa ya wazi. Foili iliyobanwa katikati ya bati na ubao haifanyi kazi yake.

Mvua na mlango wake

Wanaolipenda bati husema halivuji. Linavuja, ila mlango wake ni tofauti. Kigae huvuja kwenye kiungo, bati huvuja kwenye msumari. Kila msumari ni tundu ulilolitoboa wewe mwenyewe, na kinacholiziba ni kile kipira kidogo chini ya kofia ya msumari. Jua hukikausha kipira hicho mpaka kinapasuka. Fundi aliyepigilia msumari kwenye bonde la bati badala ya mgongoni amekuwekea tundu hasa pale maji yanapopita. Muulize kabla hajapanda. Muulize pia ataanzia upande gani: mabati yanapandana, na ule ukingo wa juu unapaswa kuupa mgongo upepo unaoleta mvua. Pwani masika huja pepo zikigeukia kusi, kwa hiyo bati la kwanza lilazwe upande ulio mbali na kusi, kisha mafundi waje wakiufuata upepo unakotoka.

Bahari ina chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Nyumba inayosikia mawimbi, bati jembamba huanza kutu kwenye kingo na matundu ya misumari ndani ya miaka michache. Aluzinki, yaani bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, hustahimili zaidi kuliko lililopakwa zinki tupu. Lakini mafundi wetu wana namna ya kuliua mapema. Wanalikata kwa grainda, cheche za moto zinaunguza ule mpako na chembe za chuma zinabaki juu ya bati na kuanza kutu kwa mvua ya kwanza. Mkasi wa bati upo, utumike. Na wanaopiga lipu ukuta wa pembetatu baada ya kupaua, saruji mbichi inarukia aluzinki na kuula mpako wake. Lipu ya juu itangulie, paa lifuate.

Kigae hakina habari na chumvi kama kimechomwa sawasawa. Adui yake ni nazi, embe na fundi wa dishi. Nazi moja ikianguka kutoka juu ya mnazi inavunja vigae viwili vitatu, na juu ya bati ingeacha bonde tu. Fundi wa dishi, au wa umeme wa jua, hupanda na kutembea katikati ya kigae badala ya sehemu inayokalia papi, anashuka, analipwa, anaondoka. Mwezi wa Machi unaona doa kwenye dari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na hapa ukuta wenyewe ni papi iliyooza kwa doa ambalo mtu aliliona akalidharau. Anayeezeka vigae aweke akiba ya vigae angalau 100 vya aina hiyohiyo nyuma ya nyumba, kwa sababu kiwanda kikibadilisha umbo, kigae kipya hakitaungana na cha zamani.

Kelele ni hoja halisi, si ya kudeka. Darasa lenye bati bila dari, mvua ikipiga kweli, mwalimu huacha kufundisha na kusubiri. Nyumbani redio haisikiki, mtoto mgonjwa halali, na mwizi anajua kwamba huo ndio usiku wake. Vigae hupokea mvua kwa sauti ya chini. Bati lenye dari na papi zilizokaribiana nalo hutulia, ingawa halitafika pale.

Lakini bati lina neema moja ambayo kigae hakiifikii: maji. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ya pwani huitoa kwa siku moja mara kadhaa, inapoangukia nyumba yetu ya mita za mraba 148 ni lita 7,400. Bati safi lenye mifereji mizuri litakupa karibu lita 6,600 kati ya hizo, yaani tangi la lita 5,000 linajaa na kumwagika. Kigae kinakunywa sehemu ya kwanza, na kikizeeka kinaota ukungu wa kijani unaoharibu ladha ya maji. Mama anayenunua maji kwa madumu huko Chanika ana haki ya kulitanguliza tangi mbele ya uzuri wa paa.

Twende dukani na mizani

Ukishaamua bati, vita haijaisha. Geji inawachanganya watu kwa kuwa namba kubwa ni bati jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 kuliko 28. Maandishi kwenye bati yanaweza kusema hivi na chuma kikasema vingine. Mizani haidanganyi kirahisi. Bati la futi 10, lililotokana na karatasi ya chuma ya upana wa sentimita 91, likiwa na unene wa milimita 0.3 linatakiwa kukaribia kilo sita na nusu. Likiwa la milimita 0.2 ni kilo nne na theluthi hivi. Tofauti ya kilo mbili unaihisi hata mkononi. Chukua mabati matano, yafunge pamoja, yapime, gawa kwa tano. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu lako. Uliza pia alama ya ubora ya TBS, lakini bati ulipime vilevile.

Kigae kina vipimo vyake. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kilichoiva hulia kama kengele, kibichi hutoa sauti butu. Kisha chukua vigae vitatu, vipime vikavu, vilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, vipime tena. Kikiongeza uzito zaidi ya moja ya tano, hicho hakikuiva, kitakuvujia na kukuangushia unga. Mwisho, weka kigae juu ya tofali mbili, moja kila ncha, asimame juu yake mtu mzima. Kisipombeba mtu hapo chini, hakitambeba fundi huko juu. Na hakikisha unachouziwa ni udongo kweli, kwa sababu vigae vingi vya sokoni leo ni vya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Si vibaya, lakini ni bidhaa nyingine na uzito wake uupime upya.

Nani anunue nini

Ukiuliza bei ya bati na bei ya kigae kwa mita ya mraba, umeuliza nusu ya swali. Mwambie fundi akuandikie paa zima: kenchi, papi, lenta, tofali za pembetatu, usafiri, ufundi, na dari. Kwa nyumba yetu ya mfano, mbao peke yake za paa la vigae zinafika mara mbili au zaidi ya zile za bati, na hapo hujalipa lori la tani saba kutoka kiwandani. Mtu aliye karibu na tanuri la vigae, mwenye mchoro uliotayarishwa kwa uzito huo na mbao kavu iliyotiwa dawa, na anayetaka nyumba ya kurithisha, anunue vigae bila kusita. Atavifurahia kila mchana wa maisha yake.

Anayejenga chumba kimoja leo na kingine mwakani, akinunua mifuko mitano ya saruji kila mshahara ukitoka, asimsikilize anayemwambia bati ni paa la maskini. Achukue geji 28 akiweza, 30 kama hawezi, jeupe au la rangi ya maziwa, lenye migongo ya kawaida isiyoiga chochote. Alipandishe mwinuko kidogo kuliko fundi anavyotaka, nyuzi 20 badala ya 10, ili joto lipate pa kukaa mbali na kichwa chake. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa ukanda wa chuma, maana paa lisilofika nusu tani hubebwa na upepo wa kwanza uliopata pa kuingilia chini ya upenu. Fedha itakayobaki, iende kwenye dari na matundu yake kabla haijaenda kwenye rangi ya ukuta.

Mabenki na wauza viwanja wanaojenga nyumba za mkopo nao nawaomba kitu kimoja: waache kuwachagulia watu bati la giza kwa sababu linapiga picha vizuri kwenye tangazo. Anayelipa mkopo huo kwa miaka 15 atalipa na umeme wa feni kwa miaka hiyohiyo.

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye mvua chache pwani, na ndiyo ya kupaua. Vuli huanza Oktoba. Mwenye kuta zilizokwisha simama na ampigie fundi simu wiki hii, amwambie aje na hesabu ya mbao kwanza, kisha waende wote wawili dukani na mizani.